Mama Anaapa Kwamba Hajui

Wifi yangu aliingia kibandani kwangu akiwa bado na sare yake ya uuguzi, akaketi juu ya robota la vitambaa, akasema, "Wanamtaka baba yake."

Nilikuwa nashona mashati ya wanafunzi, shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Nikaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. "Nani wanamtaka?"

"Watu wa viza. Yangu haina neno. Ya Kasuku ndiyo imekwama. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja kwenda nje, yule mwingine lazima aandike barua ya ridhaa na aambatanishe nakala ya kitambulisho chake. Sasa mimi nimtoe wapi, wifi?"

Baba yake Kasuku ni kaka yangu. Alikuwa akitengeneza majokofu, na sisi sote, hata mama aliyemzaa, tulimwita Fundi. Asubuhi moja alipita kwa mama, akanywa chai, akachukua mkoba wake wa vifaa na kusema anakwenda kutazama chumba cha baridi cha mtu nje ya mji. Kwa huyo mtu hakufika, na nyumbani hakurudi. Kasuku alikuwa bado ananyonya. Tulikwenda polisi, tukazunguka hospitali, tukafika na kule wanakokufungulia droo moja baada ya nyingine. Kila droo ikifunguliwa na si yeye, tulimshukuru Mungu, halafu tukaona haya, kwa sababu aliyelala mle naye alikuwa mtoto wa mtu.

Sasa Kasuku alikuwa ameshaanza shule. Jina hilo alilipata kwa mdomo wake. Anasema akila, anasema akioga, anasema hata usingizini. Na mama yake alikuwa amepata kazi katika hospitali moja ng'ambo, kazi aliyoisomea na kuifanyia mitihani kwa muda mrefu. Mkataba ulimruhusu kwenda na mtoto. Tarehe ya kuripoti ilikuwa imeandikwa, na asipofika nafasi angepewa mwingine.

"Bila Kasuku siendi," aliniambia pale juu ya robota. "Mtoto aliyekosa baba hawezi kumkosa na mama kwa sababu ya karatasi."

Washauri hawakukosekana. Kijana mmoja anayetoa fotokopi nje ya ofisi za serikali alipotusikia tukinong'ona alitoa kichwa chake nyuma ya mashine. "Dada zangu, mnahangaika nini? Niiteni mimi baba. Nina mwandiko mzuri kuliko baba wengi."

"Na siku ya kwenda jela utaitwa nani?" wifi akamuuliza.

"Siku hiyo nitakuwa mjomba," akajibu, na hata sisi tukacheka. Lakini alituonyesha ngazi ya wakili, juu ya duka la matairi, na kwa hilo namshukuru.

Wakili alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, mezani pake pamejaa mafaili yaliyofungwa kwa kamba. Alimsikiliza wifi mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akasema, "Barua ya ridhaa hutolewa na mtu anayepatikana. Asiyepatikana hatumwandikii barua, maana hiyo itakuwa ya kughushi. Tunachofanya ni kueleza kwa kiapo kwa nini barua haipo."

Akaanza kuuliza, na dada wa kompyuta akaandika. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, jina la baba limo? Limo. Cheti cha ndoa? Hiki hapa. Kuna kesi yoyote ya malezi, kuna mahakama iliyokataza mtoto asitolewe nchini? Hakuna. Anakwenda wapi, ataishi anwani gani, atasoma wapi, nani atamlipia? Ripoti ya polisi ya mtu aliyepotea? Wifi akaitoa, imekunjwakunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Nani na nani waliulizwa? Matangazo yalibandikwa wapi?

"Namba yake ya simu?"

Wifi akaitaja bila kutazama popote.

"Mara ya mwisho kuipiga?"

"Zamani. Ilikuwa haipatikani, nikachoka."

"Usiape kwa uchovu. Piga sasa."

Akapiga na kuweka sauti nje. Ilikuwa alasiri, chini mafundi wanagonga rimu. Yule mwanamke wa kwenye mtambo akatuambia kwamba namba tunayopiga haipatikani kwa sasa. Wakili akatikisa kichwa taratibu. "Andika," akamwambia dada wa kompyuta, "kwamba amepiga leo na haipatikani." Kisha akanigeukia. "Na wewe ni nani kwake?"

"Dada yake. Tumbo moja."

"Vizuri. Watapenda kusikia upande wa mume. Nawe utaapa chako, kwamba tangu siku ile hujamwona wala kusikia kutoka kwake. Mama yenu yupo?"

Mimi na wifi tukatazamana. "Yupo," nikasema. "Lakini mama tumwache. Hajui zaidi ya tunayoyajua sisi."

"Hilo usilitie kwenye kiapo chako. Kila mtu huapa kwa anachokijua mwenyewe, hamwapii mwenzake." Akasogeza faili moja kando. "Ingekuwa bora naye aape."

"Ni mtu mzima, wakili. Tukimpeleka mahali akaambiwe aseme mwanawe hapatikani, tutamrudisha mgonjwa."

Akashusha mabega. Hati zilipochapwa hakutuapisha yeye. Alisema aliyeandika kiapo cha mteja wake haruhusiwi kumwapisha mteja huyo, akatupeleka mwisho wa ukumbi kwa wakili mwingine, mzee aliyekuwa kamishna wa viapo, ambaye jengo zima walimwita Mzee Muhuri. Wifi kwa haraka zake alikuwa ameshatoa kalamu.

"Rudisha hiyo, binti," Mzee Muhuri akasema. "Kwanza unaapa, ndipo unasaini, na unasaini mimi nikikutazama. Umesoma kilichomo?"

"Nimesoma."

"Ni kweli chote?"

"Kweli chote."

"Basi simama."

Tuliapa mmoja baada ya mwingine. Akasaini, akagonga muhuri, kisha akagonga na kila nakala tuliyoambatanisha, cheti, ripoti, matangazo, akiandika juu ya kila moja kwamba hicho ndicho kielelezo kilichotajwa ndani ya hati. Tulishuka ngazi tukiwa wepesi. Yule kijana wa fotokopi akauliza, "Vipi, bado mnanihitaji niwe baba?" Wifi akampungia mkono.

Majibu yalikuja baada ya majuma kadhaa. Hayakuwa viza. Ilikuwa barua fupi, na wifi aliisoma amesimama mlangoni kwangu, sauti ikimkauka kadiri anavyoendelea. Walikuwa wameipiga ile namba iliyotajwa kwenye kiapo. Ilikuwa asubuhi, na ilipokelewa. Aliyepokea alisema baba wa mtoto ametoka kidogo, atarudi. Kwa hiyo maelezo kwamba hapatikani yalikuwa na shaka. Mwombaji alete ridhaa ya baba iliyosainiwa, au amri ya mahakama, au maelezo ya kuridhisha, kabla ya tarehe fulani.

"Amepokea nani?" nikauliza. Kwa dakika ile niliamini kaka yangu yu hai, na amejificha, na nilimchukia na kumpenda kwa pamoja.

Wifi aliikunja barua. "Sauti ya mwanamke mzee, wamesema."

Tulimkuta mama uani, ametandaza mkeka, anachambua mchele huku Kasuku akimsimulia jambo lisilo na kichwa wala miguu.

"Karibuni," mama akasema. "Mbona mnakuja kama wadai? Kasuku, mke mwenzangu, wape wageni mahali pa kukaa."

"Mama," wifi akasema, "simu ya Fundi iko wapi?"

Mama hakushtuka. Aliendelea kuchambua mpaka akapata kijiwe, akakitupa. "Iko ndani."

"Unayo?"

"Ninayo. Aliisahau siku ile. Alivua koti hapa, kukawa na joto, akaondoka na mkoba tu. Nimekuja kulifua lile koti nikaikuta mfukoni, imekufa chaji."

"Miaka yote hii, mama! Na mimi napiga mpaka kidole kinaota sugu!"

"Wewe ulipiga ikiwa imekufa. Nilipoifufua ulikuwa umeacha kupiga." Hakusema kwa ubaya. "Nikaitia chaji na vocha kidogo kidogo, wasije wakaifunga. Betri yake imezeeka kama mimi, haimalizi siku. Naiwasha asubuhi, jua likipanda naizima."

"Kwa nini lakini?" Niliuliza mimi.

Mama akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mzito wa kuelewa. "Wewe namba yangu unaijua kwa kichwa?"

Sikuijua.

"Basi. Naye haijui yangu, wala yako, wala ya mkewe. Nyote mmo ndani ya simu. Namba anayoijua mtu ni yake mwenyewe. Popote alipo, akipata simu ya msamaria, atapiga hiyo. Sasa nani atampokea?"

Wifi alikaa chini pale pale, si mkekani, kwenye saruji. Kwa sauti ya chini alimweleza habari ya kazi, ya viza, ya kiapo, ya mtu aliyepiga. Mama alikuwa anajua kwamba mkwewe anatafuta kazi nje. Hakujua kwamba imepatikana, wala kwamba mtoto naye anakwenda. Tulikuwa tumemficha ili asiumie, na sasa niliona anaumia kwa mawili, jambo lenyewe na kufichwa.

"Yule bwana aliniuliza kama baba wa mtoto anapatikana," akasema. "Sauti ya heshima. Ningemwambiaje mgeni? Nikamwambia ametoka kidogo. Ndivyo ninavyowajibu watu wote."

"Sasa itabidi uape, mama," nikasema. "Wakili alisema tangu mwanzo. Useme simu unayo wewe, na useme hujui alipo."

"Siapi."

"Mama."

"Mmeapa ninyi, hamkuniita. Mkishamaliza kuapa wote kwamba hayupo, anakuwa hayupo kweli. Halafu mnamchukua na huyu." Akamwekea Kasuku mkono kichwani. "Mimi nibaki na nani? Na koti?"

Wifi alisimama akapangusa nguo. Nilidhani atapiga kelele, ana haki. Akasema tu, "Hamna neno, mama. Sitakwenda," akamshika Kasuku mkono wakaondoka. Angelia, angalau ningemwelewa. Ule utulivu wake ulinitisha.

Nilirudi kwa wakili peke yangu. Alisoma barua, akasugua uso. Niliuliza kama tunaweza kufuta ile aya ya simu tukaandika upya.

"Kiapo kikishaapwa hakifutwi, dada yangu. Kinaongezewa kingine. Mke ataapa cha nyongeza, aeleze alivyoligundua hili. Lakini ya simu anayo mama, na maneno aliyosema ni yake. Ni yeye tu wa kuyaeleza."

"Na mahakama?"

"Njia ipo. Tunaomba mahakama iruhusu mtoto asafiri bila ridhaa ya baba. Baba atatangaziwa gazetini, watangoja kama atajitokeza, ndipo isikilizwe. Tarehe ya kazi itakuwa imepita. Ongea na mama yako."

Sikuongea naye. Sikujua nianzie wapi. Aliyeongea naye alikuwa Kasuku, tena bila kujua.

Wifi alikuwa bado anamleta mtoto kwa mama alfajiri anapokwenda zamu, mimi nikipita baadaye kumpeleka shule. Asubuhi ya kwanza baada ya ule ugomvi nilimkuta Kasuku ameketi mkekani mbele ya kigoda, na juu ya kigoda ile simu, imewashwa. Sare amevaa, viatu amevaa, hasemi. Kasuku hasemi!

"Twende, tutachelewa."

"Shangazi, ngoja kidogo. Anaweza kupiga."

"Nani?"

"Baba. Hii ni simu yake. Bibi alisema."

Nilimburuta siku hiyo. Siku iliyofuata alijifanya tumbo linamuuma. Iliyofuata tena alikataa waziwazi, akashika mguu wa kigoda kwa mikono miwili. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, anatazama. Hakumsihi wala hakumkemea. Macho yake yalikuwa kwa mtoto, na chai ilikuwa inamwagika kidogo kidogo bila yeye kuhisi.

Asubuhi hiyohiyo simu ikalia.

Kasuku aliruka, akaikamata, akampelekea bibi yake mbio, uso umefunguka kama dirisha. "Ni yeye! Bibi, pokea, ni baba!"

Mama alipokea. Mtoto alikuwa amemshika kanga, amesimama kwa ncha za vidole ili sikio lake lifike. Nilisikia sauti ya mwanamume, ya heshima, ikijitambulisha kwamba inapiga kutoka ofisi ya viza, ikiomba tena kuzungumza na baba wa mtoto.

"Ame..." mama akaanza.

Alimtazama Kasuku. Alimtazama muda ambao yule bwana alisema "haloo" na akasema tena "haloo."

"Hayupo, mwanangu," mama akasema. "Mimi ni mama yake. Aliondoka siku nyingi. Sijui alipo."

Kasuku akauachia ule upindo wa kanga. Mama alirudisha simu juu ya kigoda, akajifuta chai mkononi.

"Mpeleke shule," akaniambia. "Ukirudi nitakuwa nimevaa. Unipeleke kwa huyo wakili wenu."

Njiani nilimwambia wifi kwa simu. Nilisikia tu magurudumu ya kitanda yakipita karibu naye na mtu akimwita, "Sista, sista." Alifika kwa wakili bado amevaa sare.

Ngazi za duka la matairi mama alizipanda kwa kupumzika. "Huyu wakili anawakwepa wateja," akasema. "Angekuwa na kweli angekaa chini." Wakili alimpa kiti chake mwenyewe chenye mto, yeye akakalia kile cha wageni.

Alimuuliza kwa upole. Alimwona mwanawe mara ya mwisho lini na wapi? Amewahi kupata salamu, fedha, barua, mtu wa kumwambia amemwona? Simu aliipata vipi? Anaiwasha saa ngapi? Mama alijibu yote kwa usahihi, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. Alikumbuka hata kwamba ile chai Fundi hakuimaliza.

"Sasa, mama," wakili akasema, "ulipopigiwa mara ya kwanza ulijibu kwamba ametoka kidogo, atarudi. Ulikuwa unajua alipo?"

"Sikuwa najua."

"Kwa nini ulijibu hivyo?"

Mama akatazama mafaili. "Andika nilijibu kama mama."

Dada wa kompyuta alimtazama wakili. Wakili akasema, "Tuandike kwamba ulijibu hivyo kwa matumaini, si kwa sababu ulikuwa na habari zake. Ni kweli hiyo?"

"Ni kweli. Hiyo ina maneno mengi lakini ni kweli."

"Na kwamba huna pingamizi mjukuu wako kusafiri na mama yake. Hili si lazima, ridhaa yako haichukui nafasi ya ile ya baba. Lakini litasaidia."

Wifi aliinamisha kichwa. Mama alinyoosha mkono, akamtoa uzi uliokuwa umegandia begani kwenye sare. "Sina pingamizi. Huyu kamlea peke yake. Andika."

Kisha wakili akamsomea aya ya mwisho, kwamba hajui mwanawe alipo wala hana njia ya kumpata. Hapo mama aliinua mkono kumsimamisha.

"Kiapo hiki hakisemi amekufa, mama," wakili akasema. "Hakuna anayekutaka useme hivyo. Kinasema hujui."

"Baba yangu, kufiwa nakujua. Nilimzika mume, nikalia, watu wakaja, wakaondoka, nikapika. Kutokujua ndiko kazi. Unaniambia kama umenipunguzia mzigo."

Wakili alivua miwani.

"Unasema mtu huapa kwa anachokijua mwenyewe," mama akaendelea. "Huyu binti yangu aliniambia njiani."

"Ndiyo."

"Kuna jambo moja nalijua. Namsubiri. Liandike hilo."

"Mama, hilo haliwasaidii watu wa viza."

"Si la uongo lakini?"

Wakili akafikiri. "Hapana. Si la uongo." Akamgeukia dada wa kompyuta. "Andika. Kwamba sijui alipo mwanangu huyo, na kwamba naendelea kumsubiri."

Vidole vya yule dada vilikwenda polepole kwenye aya ile kuliko nyingine zote.

Mwisho wa ukumbi, Mzee Muhuri alipoambiwa kwamba mama hasomi, alifunga mlango na kumsomea hati nzima, aya kwa aya, akimuuliza kila mara kama ameelewa, na mama kila mara akijibu, "Nimeelewa, endelea." Alipofika kwenye ile ya mwisho alisita, akaipitia kimoyomoyo, kisha akaisoma kwa sauti kama nyingine. Mama akaapa. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi, na Mzee Muhuri akaandika chini kwamba hati imesomwa kwa mwapaji katika lugha anayoielewa, naye ameonekana kuielewa na ameweka dole gumba lake mbele ya kamishna. Wifi akaapa cha nyongeza, kuhusu simu. Tulipotoka mama alikuwa ananyoosha lile dole mbele yake lisimchafue nguo.

Viza ilitoka. Hawakueleza ni aya gani iliyowaridhisha.

Uwanja wa ndege mama hakwenda. Aliagana nao nyumbani, asubuhi, akamfunga Kasuku kamba za viatu vilivyokuwa vimeshafungwa, akamwambia, "Mke mwenzangu, huko usinyamaze. Wakikuambia nyamaza, waambie bibi amekataza." Mimi ndiye niliyewasindikiza mpaka kwenye kioo ambacho wasiosafiri hawakivuki. Nilimwona ofisa wa uhamiaji akizichukua pasipoti, akimtazama mtoto, akimtazama mama yake, akiuliza kitu. Wifi akatoa bahasha. Zilikuwa hati halisi, si nakala, kama wakili alivyotuasa. Yule ofisa, kijana tu, alisoma ya wifi upesi, ya kwangu upesi. Ya mama aliishika muda. Aliinua macho akamtazama Kasuku, akasema neno, na Kasuku akaanza kumjibu na kumjibu, mikono ikirukaruka, mpaka ofisa akacheka na kugonga muhuri. Walipopita, wifi aligeuka kunitafuta. Kasuku hakugeuka, alikuwa bado anasema.

Nilirudi kwa mama. Alikuwa ameketi chumbani, mlango wazi, mikono mapajani. Hakuwa anafanya kitu chochote, na mama hakuwa mtu wa kukaa hivyo.

"Wamempitisha?"

"Wamempitisha, mama."

"Hawakumrudisha nyuma?"

"Hapana. Wamesoma karatasi zote. Ameshapanda."

Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulielewa mwanzoni. "Sasa naweza?"

"Uweze nini, mama?"

"Kulia. Sikuwahi kumlilia kaka yako. Nilisema, nikimlilia na yu hai, nimemtabiria. Nikajizuia. Wewe na mkwe mlikuwa mnalia, mimi nawapikia."

Sikumbuki nilimjibu nini, kama nilimjibu. Nakumbuka sauti iliyomtoka. Haikuwa ya mwanamke mzee. Ilitoka mahali pa zamani sana, ikapita dirishani, ikapita ukuta wa uani, na nikamshika lakini hakushikika, nikaona afadhali nimwache na nikalia naye.

Huku kwetu kilio cha namna ile hakihitaji mjumbe. Jirani wa mkono wa kulia ndiye aliyefika kwanza, kichwani amejifunga kanga mbiombio, unga bado mikononi. Nyuma yake mwenye duka, ameacha duka wazi. Wakaja na wengine, wakasimama mlangoni, na jirani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi Kasuku, kuna msiba?"

Nilikuwa nimeapa kwamba sijui. Mama naye ameapa kwamba hajui, na kwamba anasubiri. Niliwatazama wale watu wa mtaa wetu ambao miaka yote walikuwa wakimuuliza mama habari za Fundi na kujibiwa kwamba ametoka kidogo, nao wakasema haya, atarudi, wakapita.

"Karibuni," nikasema.

Wakavua viatu, mmoja mmoja, wakaingia wakaketi.